Chopsi nene za nguruwe: kugeuza mara moja au kila dakika mbili?

Jiko_Chumbageni: Wadau wa Tanga, habari za jioni. Bucha amenikatia chopsi zenye mfupa, unene kama sentimita 3 na nusu. Jana nilikaanga moja kwa moto mkali, dakika 4 kila upande, nikageuza mara moja. Nje imeungua, karibu na mfupa bado mbichi. Je, kugeuza mara kwa mara kutasaidia?

MzeeWaFrampeni: Mdogo wangu, geuza mara moja tu. Moto mkali unaziba nyama, maji hayatoki. Ila kwa unene huo ongeza dakika, fikisha 7 kila upande.

Dada_Raskazone: Shikamoo mzee. Dakika zaidi anazihitaji kweli, lakini kwa moto ule atapata mkaa. Nyama haizibiki: hata ikishakuwa kahawia bado unausikia ule mlio, na mlio huo ni maji yanayotoka. Mimi hukausha chopsi kwa kitambaa, napasha kikaango kizito kwa moto wa kati mpaka tone la maji litembee juu yake, kisha mafuta vijiko viwili. Nageuza kila dakika 2. Upande uliotoka motoni unapoa kidogo huku joto lake likiingia ndani, basi katikati inaiva kabla ya nje kuungua. Kwa unene wako ni dakika 10 hadi 12 jumla. Mwishoni naisimamisha kwa ukingo wa mafuta dakika moja.
Lakini saa haitoshi. Chomeka kipimajoto kutokea ubavuni hadi katikati, kisiguse mfupa, maana kikigusa kitakudanganya. Ikisoma 60 naipua, inakaa kwenye sahani dakika 5, inapanda yenyewe. Kabla ya kukata lazima isome 63 au zaidi. Isipofika, inarudi jikoni.

Ngamiani_Kitimoto: Sisi tunachemsha kwanza na ndimu na tangawizi, ndipo tunakaanga. Haijawahi kutoka mbichi.

Dada_Raskazone: Hiyo ni ya vipande vidogo, kaka. Chopsi nene ukiichemsha inakauka.

MzeeWaFrampeni: Na tegu je? Mimi nikiona uwekundu sili.

Dada_Raskazone: Rangi si kipimo, mzee. Yenye 63 inaweza kubaki na uwaridi. Ila 63 ni ya nyama iliyokaguliwa. Ukiona vijifuko vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, usinunue kabisa. Na isiyo na muhuri wa mkaguzi mimi siipeleki jikoni.

MzeeWaFrampeni: Hapo kwenye muhuri tuko pamoja. Uwaridi bado siuli, yangu itafika 71.

Jiko_Chumbageni: Nimejaribu ya pili, kila dakika 2. Dakika ya 10 ilisoma 57, ya 12 ikawa 61, nikaipua. Baada ya dakika 5 ilikuwa 65. Nje kahawia, haijaungua. Ila gesi yangu hata ikiwa chini kabisa bado ni kali. Mwenye jiko la mkaa anafanyaje kupata moto wa kati?