UKOO WA BABU KOLUMBANI (Songea, Muheza, Dar)

Bosko: Shikamoo wazee. Cheti changu kinasema Jere, cha marehemu baba kinasema Jela, nimepeleka karatasi wananiambia huyu siye babako. Jina letu hasa ni lipi?

Festo: 😂😂 ukoo wa Jela

Baba Mkubwa Songea: Marahaba. La zamani ni Jele. Ndicho chibongo, yaani jina la ukoo, cha Zwangendaba, yule aliyetoka na watu kusini wakavuka Zambezi Novemba 1835 akaja kufia Ufipa. Kingoni cha wakati ule hakikuwa na r, ila wenyeji waliowakuta njiani walikuwa nayo, ndo maana leo Malawi na Zambia utakuta wanaandika Jere.

Bosko: Na Jela je?

Baba Mkubwa Songea: Hiyo ya Tanga. Babu alienda mkonge kama manamba, karani anakuuliza jina anaandika alivyosikia yeye, na babu hajui kusoma atamsahihishaje? Kipande chake nilikiona, zile kadi za siku 30 za kazi, Kolumbani Jela. Baba yako kazaliwa hukohuko kambini wakanakili vilevile. Wewe umebatizwa huku nyumbani padri akaandika Jere. Nenda parokiani utoe nakala ya kitabu cha ubatizo, kina baba, mama na kijiji, majina ya pembeni yakilingana ndo ushahidi wako, usihangaike na herufi. Halafu uape mahakamani kwamba Jela na Jere ni mtu mmoja.

Mama Doi: Hata kwetu Moshi, mume wangu Massawe mdogo wake Masawe, bima ikagoma kabisa

Bosko: Kiapo tu kinatosha baba?

Baba Mkubwa Songea: Wengine wanapokea, wengine watataka ubadili jina rasmi. Kaulize kwanza kabla hujalipa mtu.

Festo: Kwa hiyo sisi damu ya Zwangendaba, tumetawala Songea 💪

Baba Mkubwa Songea: Taratibu Festo. Songea walitawala akina Gama kule Njelu na akina Tawete kule Mshope. Halafu safari nzima ile waliteka watu, na mateka aliyelelewa nyumba ya Jele naye akaitwa Jele, wajukuu zake mpaka leo. Babu wa babu hatujui aliingia kwa mlango upi, mama yangu akiulizwa alikuwa ananyamaza.

Shangazi Konsolata: Sasa subirini kwanza. Yule kijana wa Mzuzu anayemchumbia Neema si ni Jere??

Baba Mkubwa Songea: Eeh! Chibongo kimoja hawaoani hao.

Festo: Baba si umesema wengine ni mateka tu

Baba Mkubwa Songea: Mateka au si mateka, chibongo ni kimoja. Aulizwe nyumba ya babu yake na makaburi yao yako wapi.

Shangazi Konsolata: Mimi naona miaka 180 imeshapita undugu

Neema: Nawasoma jamani. Na nusu ya mahari mlishapokea 🙄