Naomba ushauri: wastani kwenye pivoti unanipotosha

Wakuu habari zenu, nina shiti ya video zangu, kila video ina tagi moja ya mada, nikatengeneza PivotTable kwenye Excel, tagi nikaweka Rows na idadi ya kutazamwa Values kwa Average. Mada ya mafunzo ikaongoza kwa 10,000, mahojiano 3,000 tu. Nikabofya mara mbili ile 10,000 nione video zenyewe, ziko tano: 900, 1,000, 1,100, 1,200 na moja 45,800! Hiyo moja ndo imebeba zote, wakati mahojiano yote nane yanacheza kati ya 2,500 na 3,500. Natamani namba ya katikati kwa kila tagi ila Median siioni kwenye Values, nyie mnafanyaje? Kuitoa hiyo video sipendi, watu waliiangalia kweli.