Viza ya Uholanzi imekataliwa, alama kwenye namba 2 na 13: aombe upya au aweke pingamizi?

Mtoto wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu amenyimwa viza ya Schengen ya kwenda Uholanzi. Ana duka la vipuri vya pikipiki hapa Morogoro, ana mke na watoto wawili. Dada yetu yuko Rotterdam, anafunga ndoa tarehe 16 Mei. Leo ni tarehe 17 Machi.

Barua yenyewe ni fomu ya sababu zilizopangwa kwa namba, na zilizotiwa alama ni mbili, ya 2 na ya 13. Chini yake kuna mistari minne inayosema hajaonyesha vya kutosha kwamba ana mambo ya kifamilia na ya kiuchumi ya kumrudisha Tanzania. Barua ina tarehe 3 Machi, ila pasi aliichukua tarehe 12.

Benki alikuwa na shilingi 9,400,000. Sasa anataka kukopa aongeze salio, aombe tena wiki ijayo. Mimi nafikiria rufaa. Nani yuko sahihi?

Bwana Kontena

Rufaa mkuu. Aandike barua ubalozini kulalamika, haina malipo, wanaifungua faili upya. Wajerumani ndivyo wanavyofanya, na Schengen ni kitu kimoja. Ana siku 30.

Karani Mstaafu

Bwana Kontena, umepatia nusu. Fomu ya kukataliwa ni moja kwa nchi zote za Schengen, lakini rufaa inakwenda kwa sheria ya nchi iliyokataa. Hiyo barua ya ubalozini ya Wajerumani ilifutwa tarehe 1 Julai 2025. Siku hizi ukikataliwa na Ujerumani unaomba upya au unafungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Uholanzi njia ipo, ila haiendi ubalozini. Ni pingamizi la maandishi kwa idara yao ya uhamiaji, IND, ndani ya wiki nne, na kuliwasilisha ni bure.

Mtoto wa Kihonda, kabla ya kuchagua njia isome barua kuanzia juu. Angalia ni nchi gani imetoa uamuzi, maana wakati mwingine ubalozi mmoja hupokea maombi kwa niaba ya nchi nyingine. Kisha soma namba zilizotiwa alama, halafu zile zilizoachwa. Watu wengi hawasomi zilizoachwa, na humo ndimo mdogo wako anapotaka kupotelea.

Namba 3 ndiyo ya fedha za kujikimu. Kwake haina alama. Nahisi dada yenu alisaini fomu ya udhamini, sivyo? Kama ndivyo, pesa za safari walizikubali. Akikopa milioni kumi akazitumbukiza benki leo, anajibu swali ambalo hakuulizwa, na anazua jingine: hizi zimetoka wapi?

Mtoto wa Kihonda

Ndiyo, dada alisaini udhamini na saini ikathibitishwa manispaa ya kwao, akaambatisha na hati za mshahara. Kwa hiyo namba 2 na 13 zinasemaje hasa?

Karani Mstaafu

Namba 2 inasema hukutoa uthibitisho wa sababu ya safari na mazingira ya ukaaji wako. Usiichanganye na namba 10, inayosema maelezo ya safari uliyotoa hayaaminiki. Ya 2 ni pengo, kuna kitu hakikuonekana. Ya 10 ni shaka, kitu walikiona wakakikataa. Pengo unaliziba kwa karatasi. Shaka huiondoi kwa kurudisha karatasi zilezile hata ukilipa ada mara tano.

Namba 13 ni kwamba wana mashaka kama utaondoka kabla viza haijaisha. Hiyo haina karatasi moja ya kuiponya. Wanapima kinachokuvuta nyumbani na kuangalia kama safari yenyewe inafanana na maisha yako.

Niambie kilichowekwa kwenye faili, kimoja kimoja: barua ya mwaliko ina maneno gani, leseni ya biashara ni ya lini, taarifa ya benki ni ya miezi mingapi, na aliomba siku ngapi.

Dada Kisauni

Samahani kuingilia. Yangu ya Uingereza imekataliwa mwezi jana na haina visanduku kabisa, ni aya tupu. Nami nitumie hiyo IND?

Karani Mstaafu

Hapana dada, Uingereza haimo Schengen. Kwenye aya zako tafuta kifungu kinachoanza na V 4.2, herufi inayofuata ndiyo sababu yako. Viza ya matembezi ya kule kwa kawaida haina rufaa, watu huomba upya. Ukiona wametaja udanganyifu au nyaraka za uongo, usiombe kitu kabla ya kumwona mwanasheria, kwa sababu hiyo inaweza kukufungia miaka 10. Fungua uzi wako, tutakufuata huko.

Mtoto wa Kihonda

Nimekaa naye na nakala zake. Mwaliko ni aya moja: "namwalika kaka yangu kwenye harusi yangu", hauna tarehe wala mahali. Leseni iliisha Juni mwaka jana, mpya anayo ila aliscan ya zamani. Taarifa ya benki ni ya miezi mitatu, na kati ya ile 9,400,000 kuna 7,000,000 iliyoingia siku 11 kabla ya kuomba (alilipwa deni la jumla). Aliomba siku 45. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto hakuweka.

Karani Mstaafu

Basi barua yote imejieleza. Jiweke kwenye kiti cha afisa wa The Hague anayeamua maombi, ambaye hajawahi kukuona na ana karatasi tu mbele yake. Kuna harusi isiyo na tarehe, hiyo ndiyo namba 2. Kuna mwenye duka anayeondoka siku 45 kwa sherehe ya siku moja: nani anauza? Leseni imekwisha, kwa hiyo haijulikani kama duka bado lipo. Salio karibu lote limeingia juzi, bila maelezo. Watoto kwenye karatasi hawapo. Hizo zote zimeingia namba 13.

Haya ni mapengo ya mwombaji, afisa hakukosea. Pingamizi lina nguvu pale kitu kilipokuwa ndani ya faili wakakiruka au wakakisoma vibaya. Ni kweli kwenye pingamizi la Uholanzi unaweza kuongeza nyaraka mpya, lakini majibu yanaweza kuchukua miezi na harusi ina siku 60. Maombi mapya kwa kawaida yanaamuliwa ndani ya siku 15, yakivutwa sana 45. Kwa hiyo aombe upya, kwa faili jipya kweli:

Dada apate manispaa uthibitisho wa tarehe ya ndoa. Kule wanaooana lazima watoe taarifa manispaa angalau wiki mbili kabla, kwa hiyo karatasi ipo au inaweza kuwepo. Mwaliko uandikwe upya, utaje tarehe, ukumbi na atakapolala. Siku zishuke ziwe 12 au 14. Leseni ya sasa, TIN na karatasi za kodi za TRA ziingie. Taarifa ya benki iwe ya miezi sita ili mauzo ya duka yaonekane yakiingia kidogo kidogo, na ile milioni saba iandikiwe mstari mmoja na kuambatishwa risiti ya deni. Kuwe na barua fupi ya nani anabaki dukani. Vyeti vya watoto.

Ada ni yuro 90 upya, na juu yake ada ya VFS, kampuni inayopokea maombi. Alama za vidole zikiwa hazijapita miezi 59 wanaweza kutumia zilezile.

Mlinzi wa Lango

Mbona mnajichosha? Akae miezi sita ndipo aombe, au apitie Hispania.

Karani Mstaafu

Muda wa kusubiri haupo kwenye sheria, na sheria yenyewe inasema kukataliwa mara moja kusifanye ombi jipya likataliwe moja kwa moja. Ila uamuzi huo unakaa miaka mitano kwenye kanzidata yao ya viza, nchi zote zinauona. Akiomba Hispania huku harusi iko Rotterdam, atatoka na namba 10 badala ya namba 2, na hapo ndipo pabaya zaidi.

Mtoto wa Kihonda

Mkuu, kuna jambo nimeligundua sasa hivi. Ile mistari minne ya chini inasema pia "hakuna uthibitisho wa ndoa". Lakini kwenye orodha ya VFS aliyosaini, cheti cha ndoa yake na mkewe kimewekewa alama kwamba kimepokelewa! Nakala ninayo.

Karani Mstaafu

Hapo mambo yanabadilika kidogo. Hiyo orodha usiipoteze. Cheti kiko kwa lugha gani?

Mtoto wa Kihonda

Kiswahili kitupu. Hakikutafsiriwa.

Karani Mstaafu

Aa. Basi huenda walikiona wasikisome. Kosa ni la nani, watabishana. Kwenye maombi mapya kiende na tafsiri ya Kiingereza.

Ningekuwa yeye ningeweka pingamizi fupi pia, kulinda muda. Wiki nne kutoka tarehe 3 Machi zinaisha tarehe 31. Barua iwe na jina na anwani, tarehe, maelezo ya uamuzi unaopingwa pamoja na nakala yake, sababu, na saini. Sababu zisipokamilika, andika kwamba zinafuata, watakupa muda wa kuzileta. Kuchelewa ndiko wasikokusamehe. Dada anaweza kuliwasilisha akiwa na idhini iliyosainiwa na mdogo wako.

Bwana Kontena

Muda si unahesabiwa kuanzia alipokabidhiwa barua, tarehe 12? Bado ana mpaka Aprili.

Karani Mstaafu

Hoja hiyo inaweza kusimama, lakini itabidi uithibitishe tarehe 12 yenyewe. Kwa nini ujitafutie ubishi wa pili? Hesabu kwa tarehe ya barua.

Mlinzi wa Lango

Mimi sikubali vyote viwili kwa pamoja. Afisa wa maombi mapya ataona mtu anawashitaki huku anawaomba.

Karani Mstaafu

Hakuna kanuni ninayoijua inayomzuia, na akipata viza ya pili pingamizi linakosa kazi, analiondoa. Kama afisa atakunja uso, hilo siwezi kukuhakikishia. Ila pingamizi asipoliweka na ombi la pili nalo likakataliwa, uamuzi wa kwanza utabaki kwenye faili bila mtu kuugusa.

Mtoto wa Kihonda

Nimempigia dada, kesho anakwenda manispaa. Miadi ya VFS ya karibu inayoonekana ni tarehe 2 Aprili, tumeichukua. Mtafsiri wa cheti hapa Morogoro anataka siku tatu. Pingamizi bado tunabishana nyumbani, mdogo wangu anaogopa kama Mlinzi. Tuna mpaka tarehe 31.