Mrejesho: mshiriki aliyesita kurekodiwa

Nilichouliza: "Mshiriki wa utafiti wangu amekubali mahojiano, ila nikitaja kurekodi anakaa kimya. Nipangeje miadi bila kumshinikiza?"

Ndugu zangu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kutenganisha ridhaa mbili, ya kuhojiwa na ya kurekodiwa sauti, kila moja na sahihi yake. Nilimtumia fomu siku tatu kabla, nikamweleza nani atasikiliza sauti, kwamba itafutwa ikishanakiliwa kwa maandishi, na kwamba anaweza kuruka swali au kujitoa bila kutoa sababu. Mahali nilimwachia achague. Akakataa kazini kwake, maana bosi angetuona. Kumbe alichoogopa ni kutambulika, si kinasa sauti! Tukapata chumba cha maktaba chenye mlango unaofungwa, akakubali kurekodiwa.

Katikati aliomba nizime. Nilizima, nikaandika kwa mkono, ingawa hapo nimepoteza maneno yake halisi.

Muda nilikosea. Nilimwambia dakika 45, lakini kupitia fomu pekee kulichukua 15, akaondoka maswali mawili yakiwa yamebaki. Aliyenishauri niseme saa nzima alikuwa sahihi. Mshiriki anayefuata nimemwandikia dakika 60, fomu ikiwa humo humo.