Wenye WhatsApp mbili kwenye simu moja, tupeane uzoefu (yangu ilinikuta siku ya kubadilisha simu)

MamaVitenge
Habarini wana jukwaa. Laini ya kwanza ni ya nyumbani, ya pili ni ya duka. Miaka miwili nilitumia pacha, ile WhatsApp ya pili inayotengenezwa na simu yenyewe ukiwasha Dual Apps kwenye setingi. Haikunisumbua hata siku moja. Mwezi uliopita nikanunua simu nyingine. Ya nyumbani ilirudi yote kutoka Google Drive. Ya duka nikaingiza namba, nikapokea tarakimu 6, nikakuta kurasa tupu. Kumbe pacha haijawahi kuhifadhi kitu Google, maana pale kwenye kuchagua akaunti palikuwa hapafunguki na mimi nikapuuza. Oda za wateja, nani kalipa nusu, nani anadaiwa, vyote humo. Mbaya zaidi, simu ya zamani nilishazima Dual Apps ili nimpe mdogo wangu. Kuna namna?

fundi_kariakoo
Pole dada. Ukizima Dual Apps, simu inafuta chumba chote cha pacha. Hapo hakuna cha kufufua.

Kwa wengine ambao hamjazima: pacha haikai pamoja na WhatsApp ya kwanza. Simu inaifungulia chumba chake kama mtumiaji mwingine. Kwenye Xiaomi chumba hicho ni namba 999, kwenye Samsung ni 95. Ndiyo maana ukifungua kabrasha la kawaida unaona mafaili ya namba moja tu. Kabla ya kuhama, ingia kwenye pacha, Settings, Chats, Chat backup, bonyeza Back up. Hata bila akaunti ya Google inaandika faili ndani ya simu. Kwenye Xiaomi liko hapa:

```
/storage/emulated/999/Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Tafuta `msgstore.db.crypt14` au `crypt15`, angalia saa yake iwe ya leo. Tumia File Manager iliyokuja na simu, maana nyingi za kupakua hazikioni chumba hicho. Linakili kwenye simu mpya, kwenye kabrasha hilohilo la WhatsApp, KABLA hujathibitisha namba, na namba iwe ileile. Nimewafanyia wateja wawili: mmoja ilikubali, mwingine ikasema haioni faili ingawa nililiweka sawasawa. Kwa hiyo simu ya zamani usiiguse mpaka uone meseji zimerudi.

Kiboko99
Mimi niliambiwa ukitumia pacha unafungiwa namba. Nikaogopa nikaacha.

fundi_kariakoo
Nusu kweli, kaka. Wanaofungiwa ni wa zile WhatsApp zilizochezewa, za kupakua kwenye vibanda, zenye rangi na urembo. Pacha ya simu ni WhatsApp ileile halisi, imewekwa mara mbili.

mwalimu_wa_zamu
Mimi natumia programu ya Shelter, inayotengeneza work profile, yaani chumba cha kazi cha pembeni ndani ya simu. Ikoni ya pili ina kialama cha mkoba. Naipenda kwa jambo moja: saa 12 jioni nashusha pazia la juu, nagusa Work apps, wazazi wote wananyamaza. Wao wanaona tiki moja tu. Asubuhi nawasha, meseji zinamiminika. Zinasubiri siku 30, kwa hiyo hata likizo fupi haina shida, ila simu za WhatsApp hazikusubiri, zinapita.

Kero yake ni majina. Chumba cha kazi kina kitabu chake cha majina, kitupu, kwa hiyo siku ya kwanza nilikuwa naona namba tupu na kuwajibu watu "samahani, nani mwenzangu?" Hata picha ukiipiga upande wa nyumbani huioni upande wa kazi mpaka uitume. Na ukiondoa work profile, yanakwenda yote, kama ya MamaVitenge.

Zuhura_wa_Tanga
Jamani, mimi namba ni moja ila simu ni mbili, nataka zote zisome. Hizi pacha zitanisaidia?

mwalimu_wa_zamu
Hapana bi Zuhura, hiyo ni kinyume. Kwenye simu ya pili, ukurasa wa kuingiza namba una vidoti vitatu, chagua Link as companion device, kisha skani msimbo unaotokea hapo kwa simu ya kwanza.

Kiboko99
Lakini si siku hizi WhatsApp yenyewe ina akaunti mbili? Tangu mwishoni mwa 2023. Kwa nini mhangaike?

MamaVitenge
Ndiyo ninayotumia sasa, Settings, kimshale kando ya jina, Add account. Nimeanza upya. Kuna mteja kaniandikia jana "mama, kile kitenge changu cha njano kimefika?" Nimekaa naangalia, sijui ni nani wala kalipa ngapi. Nimemwomba anitumie picha za mazungumzo yetu, maana kwake yako yote. Mnaonaje, niwaombe na wanaodaiwa?

fundi_kariakoo
Hao sidhani kama watapiga picha 😅