Abaya zangu zimeshikwa forodha, nadaiwa shilingi 30,550. Nifanyeje?

Binti_Kisauni: Asalaam aleikum wana jukwaa. Niliagiza abaya 12 kutoka Dubai za kuuza msimu wa harusi. Sasa kampuni ya vifurushi imeniandikia kuwa mzigo umeshikwa forodha, nilipe 30,550 ndio utoke, na ghala lahesabu kila siku. Mbona kodi inakaribia bei ya nguo zenyewe? Nisaidieni, hata usingizi sina.

Chumvi_Bahari: Pole dada. Waambie ni zawadi, zawadi haitozwi. Mwenzangu alirudi na begi zima la nguo, akapita hivi hivi.

Wakala_Mstaafu: Huyo mwenzako alikuwa abiria. Msafiri ana msamaha wake kwa vitu anavyoingia navyo mwenyewe. Kifurushi kina hesabu nyingine. Binti, wamekuandikia thamani gani?

Binti_Kisauni: 40,000 za nguo, nauli 9,500, bima 500. Nguo sikununua kwa 40,000! Nilinunua kwa 33,000.

Wakala_Mstaafu: Basi hesabu yao imekaa sawa, tatizo ni thamani waliyoanzia. Kodi haianzi kwenye bei ya nguo peke yake, inaanzia nguo, nauli na bima pamoja, yaani 50,000. Nguo mpya hutozwa ushuru wa asilimia 35, hiyo ni 17,500. VAT ya asilimia 16 haipigwi kwenye 50,000, hupigwa juu ya 67,500 kwa sababu ushuru umeshaongezwa, ndio ikafika 10,800. IDF, ada ya tamko la kuingiza mzigo, ya asilimia 2.5 ni 1,250 na tozo ya reli ya asilimia 2 ni 1,000. Jumlisha, utapata 30,550. Lakini wameitoa wapi 40,000? Ankara iliyobandikwa kwenye mzigo imeandikwa ngapi?

Mama_Zuhura: Mimi walinishikia viatu, nikaviacha vioze huko. Tamaa ya vya nje hii, mafundi wa abaya tunao hapa hapa Mombasa!

Wakala_Mstaafu: Binti, ankara imeandikwa ngapi?

Binti_Kisauni: Muuzaji aliandika dola 50, zawadi. Lakini kila mtu hufanya hivyo, na yeye ndiye aliyenishauri. Nimeshamwambia anitumie nyingine ya 20,000, niwapelekee hiyo. Si itakuwa afadhali?

Kaka_Likoni: Hapa kuna jambo. Jina lako naliona hapa leo kwa mara ya kwanza, na uzi kama huu niliwahi kuusoma ukaishia kwenye mchango wa M-Pesa. Hesabu imenyooka mno. Mimi naona ni ya kutunga.

Chumvi_Bahari: Hata mimi nimeanza kushuku. Ama ni matapeli wanaomdai yeye.

Binti_Kisauni: Kaka, sijaomba hata senti ya mtu! Karatasi ninayo, ina namba ya PRN.

Wakala_Mstaafu: Kaka_Likoni, hesabu ya forodha hunyooka kila siku, hiyo si dalili ya uongo. Tapeli angemtaka atume pesa kwa namba ya simu ya mtu, PRN ni ya kulipia serikalini. Binti, ingiza hiyo namba uone kama kiasi na jina vinalingana kabla ya kulipa.

Sasa ile ankara ya pili. Afisa akifungua boksi akakuta abaya 12 zina lebo, saizi mbalimbali, neno zawadi linakufa papo hapo. Dola 50 akaikataa, akatafuta bei ya mizigo inayofanana. Ukimpelekea ya 20,000 atakuwa na ankara mbili za mzigo mmoja, zote za uongo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, kifungu cha 203, adhabu yake hufika kifungo cha miaka 3 au faini ya dola 10,000.

Binti_Kisauni: Kwa hiyo nilipe tu kodi ya hiyo 40,000 yao?

Wakala_Mstaafu: Kama ulilipa kwa benki, stetimenti yaonyesha 33,000. Peleka hiyo na mazungumzo yako na muuzaji. Wakikubali, kodi itashuka hadi 26,273, umeokoa 4,277. Wakikataa, una siku 30 za kuomba uamuzi uangaliwe upya kwa maandishi, na wao wana siku 30 za kujibu. Uliza ghala latoza ngapi kwa siku, maana hiyo 4,277 yaweza kuishia humo. Na ukionyesha 33,000, utaulizwa ile dola 50 ilitoka wapi.

Kaka_Likoni: Mimi ningelipa nikachukua mzigo.

Mama_Zuhura: Na bei ya abaya akipandisha, nani atanunua?

Binti_Kisauni: Wateja wawili washanilipa nusu, siwezi kuuacha. Ile ankara ya 20,000 imeingia sasa hivi.

Wakala_Mstaafu: Usiipeleke mwanangu. Chapisha stetimenti, na uende asubuhi kabla foleni haijajaa.