Tupeane uzoefu: ile "s" ya "she cooks" ilikutesa wapi?

Mama Nasra: Jana mwanangu wa kidato cha kwanza kaleta daftari, "My mother cook" imezungushiwa wino mwekundu. Nikakumbuka yangu. Sisi tumezoea kusikiliza mwanzo wa kitenzi: anapika, wanapika. Wenzetu wameiweka mkiani. Ninyi ilikuwaje?

Kibuyu: Mimi hadi leo. Nikisoma naiona, nikiongea inapotea.

Stoo Kipa: Yangu haikuwa hata "s". Nilikuwa stoo ya hoteli, nikabandika karatasi kwenye friji: "The milk have spoiled." Mkuu wa zamu akaisoma kwa sauti mbele ya jikoni zima, akauliza maziwa yako mangapi. Nilitetemeka. Usiku nikafungua daftari langu la stoo, nikakuta "water are finished", "oil have finished". Ndipo nikaelewa: kichwani nilikuwa nasema maziwa yameharibika, maji yamekwisha, mafuta yamekwisha. Ile "ya" yetu ni ya wingi, kama mayai yamevunjika. Kwao maziwa ni kitu kimoja: "the milk has spoiled". Mayai ndiyo "have". Wiki nzima sikula na wenzangu.

Kibuyu: Pole sana kaka. Na mimi huandika "the news are good", kumbe ni habari zimefika!

Mzee wa Chaki: Rahisi tu. "S" ni moja, ama kwa mtu ama kwa kitendo. "The boy runs", "the boys run".

Binti Pangani: Shikamoo mzee, lakini "the children run" ina "s" wapi? Na "I run"? Kanuni hiyo ndiyo iliyoniangusha mtihani.

Mzee wa Chaki: Marahaba. Hao ni wachache. Mtoto aanzie hapo.

Binti Pangani: "I", "you" na "we" si wachache, mzee wangu. Atazitumia kila siku.

Mwl. Rehema: Mama Nasra, mwambie ageuze sentensi iwe swali. "Does my mother cook?" "S" imekaa kwenye "does", kwa hiyo "cook" inabaki tupu. Akirudi kwenye maelezo, "does" inaondoka na kuiachia "cook" ile "s": "My mother cooks". Swali likija na "do", hakuna cha kuachiwa: "Do the children cook?", "The children cook". Likianza na "can" au "did", pia hakuna. Akiandika "Does she cooks", ameiweka mara mbili. Mwangalie pia asiandike "My mother she cooks". Hiyo "she" ni "a" ya anapika anayoitafsiri.

Juma wa Tatu: Mimi shida yangu "he" na "she". Zote si yeye?

Mama Nasra: Asante mwalimu. Tumejaribu sentensi kumi, kakosa mbili, zote za "everyone". Kaandika "everyone know" wakati kwetu ni kila mtu anajua, mmoja kabisa! Sasa anauliza polisi. Polisi amekuja, polisi wamekuja, aandikeje?

Mwl. Rehema: "The police have come." Akiwa mmoja, "a police officer has come".

Mzee wa Chaki: Mimi nilifundishwa "police has".